Neno Refu, Safu Nyembamba: Kukata Kiswahili Vizuri kwenye Skrini ya Simu

Kiswahili hujenga maneno marefu kwa mazoea. Kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, urejeshi na mtendwa, kisha huongezewa viambishi vya mwisho. Neno kama "watakaojiandikisha" lina herufi 18, na hakuna msomaji wa gazeti anayeliona la ajabu. Kwenye karatasi, mpangaji kurasa hulitazama kwa macho na kulikata mahali panapofaa. Kwenye ukurasa wa wavuti kazi hiyo hufanywa na kivinjari, nacho hakijui Kiswahili. Kisipoelekezwa, huliacha neno lizime, hata kama litavuka mpaka wa safu na kuingilia habari ya jirani.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Tovuti ya habari inapanga vichwa vyake katika safu mbili kwenye simu yenye upana wa pikseli 360. Pembeni kuna nafasi ya pikseli 16 kila upande, na kati ya safu kuna 16 nyingine. Zinabaki 312, yaani 156 kwa kila safu. Kichwa cha habari ni "Watakaojiandikisha mapema kupewa kipaumbele", kwa fonti nene ya Roboto yenye ukubwa wa pikseli 20. Neno la kwanza peke yake linahitaji takriban pikseli 176. Limezidi safu yake kwa kama 20 hivi.

Safu zenyewe zimeandikwa hivi:

```css
.habari {
  display: grid;
  grid-template-columns: 1fr 1fr;
  gap: 16px;
}
```

Mtu angetegemea neno litoke nje ya safu, lakini hapa neno halitoki. Safu ndiyo inayopanuka. `1fr` maana yake ni "gawana nafasi iliyopo", ila ina sharti lililojificha: safu haikubali kuwa nyembamba kuliko neno lake refu kupita yote. Basi safu ya kwanza inajitanua hadi 176 na ya pili inabanwa hadi 136. Mhariri akiangalia anaona safu zimepinda, moja nene na moja nyembamba, na haelewi kwa nini, maana jana zilikuwa sawa. Siku ambayo safu zote mbili zina maneno marefu, jumla inapita upana wa simu na ukurasa mzima unaanza kuteleza kushoto na kulia chini ya kidole. Ukiona ukurasa unateleza hivyo kwenye simu, mara nyingi kuna kitu kimoja kisichokunjika, na mtuhumiwa wa kwanza ni neno au anwani ndefu ya wavuti.

Watengenezaji wengi hukimbilia kanuni ya `overflow-wrap: break-word`. Kanuni hiyo ni nzuri, na maana yake ni nyepesi: neno likikosa kabisa pa kukaa kwenye mstari, likatwe popote. Kwanza kivinjari hutafuta nafasi kati ya maneno, kisha hulishusha neno zima kwenye mstari unaofuata, na likiwa bado halienei ndipo hulivunja. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanaiweka kanuni kwenye kichwa cha habari, wanapakia ukurasa upya, na hakuna kinachobadilika. Wanahisi kivinjari kimewapuuza.

Hakijawapuuza. Kivinjari hupima upana wa safu kwanza, kisha ndipo hupanga maneno ndani yake. Wakati wa kupima, `break-word` haihesabiwi, na neno letu bado linachukuliwa kuwa la pikseli 176. Safu ikishapanuka hadi 176, neno linaenea vizuri, kwa hiyo hakuna sababu ya kulikata. Kanuni ilikuwepo muda wote, lakini haikupata nafasi ya kufanya kazi. Dawa ni kuondoa lile sharti lililojificha:

```css
.habari {
  grid-template-columns: minmax(0, 1fr) minmax(0, 1fr);
}
.habari h2 {
  overflow-wrap: break-word;
}
```

Sasa safu zinabaki 156 kila moja, haijalishi kilichomo ndani. Kwa mpangilio wa `flex` dawa ni ileile kwa sura nyingine: `min-width: 0` kwenye kisanduku kinachobeba maandishi.

Ipo njia ya mkato, `overflow-wrap: anywhere`. Tofauti yake na `break-word` ni hiyo moja tu: yenyewe huhesabiwa wakati wa kupima. Kwa hiyo `1fr` ya kawaida ingetosha. Mimi siipendi kama kanuni ya ukurasa mzima, kwa sababu ya majedwali. Mbele yake kila neno linahesabika kuwa na upana wa herufi moja tu, na jedwali lenye safu nyingi kwenye simu linaweza kuibana safu ya majina mpaka kila jina lisimame wima, herufi juu ya herufi. Itumie mahali mahususi unapoihitaji.

Kanuni ya kuikwepa kabisa kwa Kiswahili ni `word-break: break-all`. Hiyo inafaa maandishi ya Kichina na Kijapani, ambamo mstari huweza kukatwa karibu kati ya herufi yoyote na nyingine. Ukiiweka kwenye Kiswahili, kila mstari unajazwa hadi ukingoni na neno lolote linakatwa linapofika hapo, hata lile fupi ambalo lingeshuka mstari wa pili bila tabu. "Mama" linaweza kuishia "mam" juu na "a" chini. Safu inaonekana nadhifu kwa mbali, lakini haisomeki. Ukikutana na aya ambayo maneno mafupi yamekatwa bila kistari, tafuta `break-all` kwenye msimbo wake.

Turudi kwenye kichwa chetu. Safu sasa ni sawa na neno limekatwa, lakini tazama limekatwa wapi: "Watakaojiandikis" juu, "ha" chini. Kivinjari kimejaza herufi zilizoenea na kutupa zilizobaki. Sauti "sh" imepasuliwa katikati, wala hakuna kistari kinachomwambia msomaji kwamba neno linaendelea. Kwa anwani ya wavuti hilo ni sawa, tena ni bora, maana kistari kilichoongezwa kingeweza kudhaniwa ni sehemu ya anwani. Kwa neno la lugha ni kumkosea msomaji.

Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya hilo ni `hyphens: auto`. Kivinjari hutazama lugha iliyotajwa kwenye ukurasa, hufungua orodha ya ruwaza za lugha hiyo, na hukata neno mahali panaporuhusiwa huku kikiweka kistari. Mbinu ya ruwaza ina historia ndefu: Franklin Liang aliieleza mwaka 1983 katika tasnifu yake ya udaktari pale Chuo Kikuu cha Stanford, akiandaa ukataji wa maneno kwa ajili ya programu ya TeX ya Donald Knuth, na hadi leo vivinjari vinapita njia hiyohiyo. Kasoro ni kwamba ruwaza hutayarishwa lugha moja moja. Firefox ina ruwaza za Kiaislandi na za Kiesperanto, lakini Kiswahili hakimo kwenye orodha yake, wala kwenye ile ya Chrome ya simu za Android. Inaniuma kuliandika hilo kuhusu lugha inayosomwa na watu wengi kiasi hiki.

Kwa hiyo ukiandika `lang="sw"` pamoja na `hyphens: auto`, kivinjari kinanyamaza tu. Hatari kubwa iko kwenye tovuti za Kiswahili ambazo bado zimebeba `lang="en"` iliyokuja na kiolezo cha awali. Hapo kivinjari kinayakata maneno yetu kwa ruwaza za Kiingereza. Vistari vinaonekana, mwenye tovuti anafurahi kwamba kanuni imefanya kazi, na hakuna anayekagua kama "mb" au "nd" zimetenganishwa. Kujua hali yako ni rahisi: andika aya fupi ya Kiswahili ndani ya kisanduku chenye `width: 5em` na `hyphens: auto`, uitazame ikiwa na `sw`, kisha ikiwa na `en`. Vistari vikitokea kwenye `en` pekee, umeshajua.

Kwa bahati njema Kiswahili ni miongoni mwa lugha rahisi kuzikata, kwa sababu silabi zake karibu zote huishia kwenye irabu. Ukikata mara tu baada ya irabu, kabla ya konsonanti zinazofuata, basi "ndi", "sha", "ng'o" na "mwa" hubaki nzima zenyewe. Hata "m" inayosimama peke yake haileti taabu, kwani "wa-mkaribishe" ni mkato halali. Kinachohitajika ni kistari laini, alama isiyoonekana ambayo hujitokeza pale tu neno linapokatwa. Vivinjari huifuata bila kamusi yoyote, na kwenye HTML huandikwa `&shy;`. Msimbo huu mfupi huiweka kwenye maneno ya herufi 10 na kuendelea:

```js
function kata(neno) {
  if (neno.length < 10) return neno;
  return neno.replace(
    /(\w[aeiou])(?=[b-df-hj-np-tv-z'’]+[aeiou])/gi,
    "$1\u00AD");
}
```

Neno letu linapata sehemu hizi: Wa-ta-kao-jia-ndi-ki-sha. Ndani ya pikseli 156 kichwa sasa kinasomeka "Watakaojiandiki-" juu na "sha" chini. Ile `\w` ya mwanzo inazuia herufi moja kuachwa peke yake mwanzoni, kama "a-" katika "aliyewasilisha". Irabu zinazofuatana hazitenganishwi. Zingeweza kutenganishwa, lakini mikato inatosha bila hizo.

Panapokwama ni kwenye maneno ya mkopo. "Halmashauri" litatoka "Ha-lmashauri" wakati silabi yake ya kwanza ni "hal". Sijaona kanuni fupi inayotatua yote hayo bila kuharibu maneno mengine, kwa hiyo nashauri orodha ndogo ya maneno yanayotumika sana kwenye tovuti yako, uyakate kwa mkono na kuyapitisha kabla ya msimbo. Kama una mashaka na neno, liache bila kistari laini na `break-word` italishughulikia likilazimika.

Vistari hivi viwekwe wakati wa kuonyesha ukurasa, visihifadhiwe pamoja na makala. Kikihifadhiwa, kistari laini kinahesabika kama herufi ndani ya neno, na anayetafuta "watakaojiandikisha" kwenye hifadhidata yako hapati kitu ingawa neno liko mbele yake. Anayenakili maandishi naye huondoka navyo bila kujua. Hakikisha pia hakuna mahali palipoandikwa `hyphens: none`, maana hiyo huzima hata vistari laini. Acha thamani ya kawaida, ambayo ni `manual`, na uweke `overflow-wrap: break-word` pamoja nayo kwa ajili ya anwani na majina yasiyo na mkato. Kivinjari kitajaribu vistari kwanza, na kitavunja kwa nguvu pale tu vistari vinapokosekana.