Mshale Uliogeuzwa

Picha imepigwa ubaoni kwa simu. Imepinda kidogo, na mwanga wa dirisha umefifisha kona moja, lakini pembetatu inasomeka. Juu kushoto pameandikwa kaboni na oksijeni, juu kulia kaboni monoksidi, na chini kabisa kaboni dioksidi. Mshale unaoshuka kutoka kwenye kaboni una −394. Unaoshuka kutoka kwenye kaboni monoksidi una −283. Vipimo vyote ni kilojuli kwa moli, na alama ya kutoa inaonyesha kuwa joto linatoka nje. Mshale wa juu, wa kutoka kaboni hadi kaboni monoksidi, una alama ya kuuliza tu.

Alama hiyo ina sababu. Kaboni ikichomwa kwenye oksijeni haba, haiishii kwenye kaboni monoksidi peke yake. Sehemu yake hugeuka kaboni dioksidi, na kipimajoto hakiwezi kutenganisha joto la hii na la ile. Kwa hiyo jibu hutafutwa kwa kuzunguka.

Njia hiyo ni ya Germain Hess, mkemia mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi St. Petersburg. Mwaka 1840 alieleza kwamba jumla ya joto la mmenyuko haibadiliki, uwe umekwenda kwa hatua moja au kwa nyingi. Kinachohesabika ni mwanzo na mwisho.

Basi mwanafunzi aweke kidole kwenye kaboni. Anashuka na mshale hadi kaboni dioksidi, anaandika −394. Sasa anatakiwa kupanda hadi kaboni monoksidi, lakini mshale wa upande huo unashuka. Anakwenda kinyume chake, na alama nayo inageuka: −283 inakuwa +283. Akijumlisha −394 na +283, anapata −111.

Wengi hukosea hapohapo kwenye kupanda. Anayesahau kugeuza alama hupata −677, na jibu hilo linajifichua lenyewe: haiwezekani kaboni iliyoungua nusunusu itoe joto kuliko iliyoungua kabisa, ambayo hutoa 394 tu. Kosa la pili hutoka kwenye picha. Ncha ya mshale ikikatwa au kakistari ka kutoa kakifutika, hesabu nzima huelekea kusiko. Ni vizuri kuikuza picha na kuukagua kila mshale kabla ya kushika kalamu.

Zile 283 zilizobaki huonekana jikoni. Miali ya samawati inayocheza juu ya mkaa uliokolea ni kaboni monoksidi inayomalizia kuungua. Isipoungua huondoka na joto lake, na kwenye chumba kilichofungwa huua bila kutoa harufu. Jiko la mkaa lisilazwe ndani.