Sauti isiutangulie mpira

Mechi ya mchangani imerekodiwa kwa simu pembeni mwa uwanja, na sasa dakika 90 zinatakiwa ziwe muhtasari wa dakika tatu wenye sauti ya mtangazaji. Shida kubwa ya kazi hii ni kwamba mtangazaji keshajua bao linaingia. Akianza kupaza sauti winga akiwa bado anachokonoa mpira karibu na mstari, mtazamaji naye anajua, na bao linapofika halina ladha tena.

Dawa yake ni kuanzia mwisho kurudi nyuma. Chukua kipande cha sekunde 15. Kiangalie kwanza bila sauti, uandike sekunde ambayo mguu au kichwa kinagusa mpira: winga anapokea sekunde ya 1, krosi inapigwa sekunde ya 8, straika anaruka sekunde ya 10, mpira unagusa nyavu sekunde ya 11. Hizo ndizo nguzo zako, na maneno yanafuata nafasi iliyopo kati yake.

Sekunde nne za mwanzo ni za habari ambayo picha haionyeshi: "Dakika ya sabini na nane, bado ni sare, moja moja." Sauti iwe ya chini, ya mtu anayesimulia. Winga akianza kukimbia, sentensi zinafupika: "Anamwacha beki wa kwanza... na wa pili!" Kisha "Krosi!", neno moja tu, halafu nyamaza. Ukimya huo wa sekunde mbili mpira ukiwa hewani ndio unaomfanya mtu asogee kwenye kiti, na ndio watangazaji wengi hushindwa kuuvumilia. "Kichwa!" Nyavu zikitikisika: "Gooooli!" Baada ya hapo waachie mashabiki wapige kelele zao sekunde mbili, ndipo utaje jina la mfungaji.

Kiswahili kina maneno marefu. "Anamwacha beki wa kwanza" peke yake ni silabi tisa, karibu sekunde mbili kwa mwendo wa kueleweka. Ukiona jina la mpigaji linatoka wakati mpira uko tayari mikononi mwa golikipa, usiongeze kasi ya ulimi, kata maneno. Mtangazaji wa redio analazimika kusema mpira uko wapi kwa sababu msikilizaji haoni. Huyu wa video hana haja hiyo, kwa hiyo "anakimbia upande wa kulia" ifutwe, libaki jina.

Na kila tendo lisemwe kama linatokea sasa: "anapiga", si "alipiga".

Wakati wa kuchanganya sauti, kelele za uwanjani zishushwe chini ya maneno, zisizimwe kabisa. Bao likiingia zipandishwe. Ili kupima, mkalishe mtu ambaye hakuwepo uwanjani, ageukie ukutani asikilize tu. Anyooshe mkono akihisi bao limeingia. Akiunyoosha kabla ya sekunde ya 11, rudia kurekodi.