Hofu ya Kubanwa Ndani ya Mashine ya Emarai

Bibi mmoja tuliyemsindikiza kupigwa picha ya mgongo katika mashine ya sumaku, Emarai, alifumbua macho ndani yake, akaona dari i karibu na uso, akalia atolewe. Mara ya pili alifunikwa macho kabla ya kuingizwa, akashika kipira cha kumwitia mpiga picha, akavuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, huku akimdhukuru Mwenyezi Mungu kimoyomoyo. Akamaliza salama.

Asiyeweza hivyo aulizie mashine iliyo wazi ubavuni, ingawa aghalabu sumaku yake ni dhaifu na picha hupungua usafi. Hilo likishindikana, daktari hufikiria dawa ya kutuliza. Aliyeimeza asiendeshe gari, bali asindikizwe nyumbani.