Damu Haitulii Ndani ya Chupa

Damu ikishatoka mkononi mwa mgonjwa na kuingia kwenye chupa ya sampuli, haifi papo hapo. Chembe nyekundu zinaendelea kula sukari iliyomo kwenye damu ileile. Chembe hizi haziwezi kutumia oksijeni kujipatia nguvu, kwa hiyo huvunja sukari kwa njia fupi, na kila molekuli moja ya sukari huacha lakteti mbili. Mwilini, ini na figo huizoa lakteti hiyo usiku na mchana. Kwenye chupa hakuna wa kuizoa, nayo hujaa kidogo kidogo.

Kujaa huko kunaweza kumbadilishia mgonjwa matibabu. Mtu mzima mwenye afya huwa na lakteti isiyozidi milimoli 2 kwa lita. Inapopanda, daktari anaelewa kwamba huenda viungo havipati damu ya kutosha, na kwa mgonjwa wa maambukizi makali ataanza kufikiria chumba cha wagonjwa mahututi. Sasa chukua mgonjwa ambaye lakteti yake halisi ni 1.6. Katika joto la kawaida la chumba, sukari kwenye chupa isiyo na dawa ya kuizuia isitumike hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Kama sukari yake ilikuwa milimoli 5, upungufu ni kama 0.3 kwa saa, na kwa kuwa kila sukari huacha lakteti mbili, lakteti hupanda kwa 0.6 hivi. Chupa ikikaa mezani wodini saa moja na nusu, jibu litatoka 2.5. Mgonjwa hajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni damu iliyokuwa ikisubiri mtu wa kuipeleka.

Kwa mgonjwa wa malaria kali hali huwa mbaya zaidi, na hapa ndipo kwetu Afrika Mashariki jambo hili linapouma. Shirika la Afya Duniani linahesabu lakteti ya milimoli 5 au zaidi kuwa mojawapo ya dalili za malaria kali. Lakini vimelea vya malaria vyenyewe vinakula sukari kwa pupa, na chembe yenye kimelea hutumia sukari nyingi mara kadhaa kuliko chembe nzima. Vimelea hivyo haviachi kula kwa sababu vimetolewa mwilini. Damu yenye vimelea vingi ikicheleweshwa, lakteti itapanda haraka kuliko hesabu niliyotoa hapo juu.

Ndiyo maana lakteti hutolewa kwenye chupa yenye kifuniko cha kijivu. Ndani yake mna unga wa fluoridi, unaozuia mojawapo ya hatua za mwisho za kuvunja sukari. Hatua za mwanzo zinaweza kuendelea kwa saa moja au zaidi, ndiyo sababu sukari bado hushuka kidogo hata kwenye chupa hiyo, lakini lakteti husimama mapema. Sharti ni unga ukutane na damu yote. Chupa ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10 mara tu inapojaa, isitikiswe kwa nguvu, maana chembe zitapasuka. Hata kabla ya hapo, mpira wa kufungia mkono ukikazwa kwa muda mrefu, au mgonjwa akiambiwa akunje na kukunjua ngumi ili mshipa utokeze, misuli yenyewe inamwaga lakteti. Mwuguzi mzoefu hufunga kwa muda mfupi, akipata mshipa hulegeza, na hamsumbui mgonjwa kwa habari ya ngumi.

Barafu nayo ina namna yake. Vipande vikavu vya barafu hugusa chupa hapa na pale tu, na vikitoka moja kwa moja kwenye friza vinaweza kuigandisha damu mahali vinapogusa. Chembe zilizoganda hupasuka. Kinachofaa ni barafu iliyovunjwavunjwa na kuchanganywa na maji, kama vile soda inavyopoa upesi kwenye ndoo ya maji ya barafu kuliko juu ya kipande cha barafu. Chupa iingizwe kwanza kwenye mfuko wa plastiki ili lebo isilowe jina likafutika. Na kama daktari ameomba kipimo cha potasiamu pia, hicho kiende kwenye chupa yake, bila barafu: baridi husimamisha kazi ya chembe ya kushikilia potasiamu ndani, nayo huvuja nje na kuleta jibu la juu la uongo.

Lakteti ina fluoridi ya kuilinda. Amonia haina mlinzi wa namna hiyo, na kwa maoni yangu ndicho kipimo kinachodai uangalifu kuliko karibu vyote vinavyopita maabara. Amonia hutokana na kuvunjwa kwa protini, na ini huigeuza kuwa urea. Kwenye chupa, vimeng'enya vya damu vinaendelea kuvunja glutamini na kutoa amonia mpya, na chembe nyekundu zenyewe zina amonia nyingi kuliko plazma inayozizunguka. Kwa hiyo kuchelewa huipandisha, na chembe zikipasuka huipandisha pia. Damu hutolewa kwenye chupa ya zambarau yenye EDTA, ijae vizuri, izamishwe kwenye maji ya barafu palepale kitandani, ifike maabara ndani ya dakika 15 na izungushwe kwenye sentrifuji yenye baridi. Kisha plazma inahamishiwa chupa nyingine na kupimwa mara moja, au kugandishwa kama mashine haiko tayari.

Tuseme mtoto wa siku tatu ameacha kunyonya, amelegea na anapumua haraka. Daktari anahofia ugonjwa wa kurithi unaozuia mwili kutengeneza urea, naye anaomba amonia. Damu inapatikana kwa shida kwa kukamua kisigino, chupa inawekwa kwenye trei pamoja na nyingine, na jibu linatoka mikromoli 160 kwa lita. Kwa kichanga, juu ya 150 ni kiwango cha kutia wasiwasi mkubwa. Mtaalamu wa maabara anaona plazma ina wekundu, anapiga simu wodini.

"Sista, damu ya huyu mtoto ilitolewa saa ngapi?"

"Kama saa nne hivi."

"Mimi nimeipokea saa tano kasoro kumi, na haikuwa kwenye barafu. Tupatie nyingine kutoka kwenye mshipa, mimi nakuja na barafu."

Sampuli ya pili, iliyotoka bila kukamuliwa na kuzungushwa ndani ya robo saa, inaweza kutoa 65, ambayo kwa kichanga si ya kushangaza, na daktari akaelekeza macho kwenye maambukizi. Inaweza pia kutoa 400. Hapo ndipo hatari nyingine ilipo: wodi iliyozoea amonia za uongo huanza kupuuza amonia za kweli, na ubongo wa kichanga hauna muda wa kungoja. Kwa hiyo wakati sampuli ya pili ikipelekwa, daktari anasimamisha maziwa, anaweka maji ya glukosi, na kumpigia simu mtaalamu wa hospitali kubwa, bila kungoja jibu. Kwenye fomu ya sampuli hiyo ya pili panaandikwa mambo mawili ambayo ya kwanza haikuwa nayo: saa na dakika damu ilipotoka, na kwamba ilisafiri ndani ya barafu.