Neno la baba kwenye sendofu

Katika harusi nyingi za Tanzania baba wa bibi harusi hupata nafasi mbili za kusema, na nafasi hizo hazilingani. Siku ya ndoa mwenyeji wa ukumbi mara nyingi ni upande wa bwana harusi, kwa hiyo baba mkwe hushika maiki kwa dakika moja au mbili, akashukuru, akakaa. Siku yake hasa ni ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti inayoandaliwa na kwao kabla ya ndoa. Huko kamati ni ya kwake, na ratiba ya mshereheshaji ina mstari wa nasaha za wazazi. Kwa familia za Kiislamu mambo huenda kwa namna nyingine: kwenye akdi baba, akiwa walii, hutamka maneno machache ya kuozesha, bwana harusi akajibu kuwa amekubali, na mawaidha yakabaki kwa shehe.

Kinachowashinda akina baba wengi kwenye sendofu ni wingi wa mambo wanayotaka kuyasema. Mzee anajua lazima akumbuke utoto wa binti, awape vijana nasaha, na awachekeshe wageni kidogo. Basi anayagawa mafungu matatu: kumbukumbu tano, nasaha kumi, kichekesho alichokisikia kwenye sherehe ya jirani. Hapo bado hajaanza salamu, na salamu peke yake, kuanzia mwenyekiti wa kamati mpaka wakwe waliotoka mkoani, zinaweza kula dakika nne. Ukitaka kujua hotuba imezidi, tazama meza za nyuma: vijana wameinamia simu, na mshereheshaji ameanza kusogea taratibu kuelekea alipo mzungumzaji.

Mimi naamini kumbukumbu moja inatosha, na kwamba nasaha na utani vitoke ndani ya hiyo hiyo. Tuchukue mfano. Baba ni Mpare wa Same, anamwoza binti yake kwa kijana wa Kichaga. Ameandika kwenye karatasi mambo mengi: jinsi mtoto alivyozaliwa usiku wa mvua, alivyoshika namba nzuri darasani, alivyohitimu chuo. Yote ni kweli, lakini baba yeyote ukumbini angeweza kuyasema juu ya binti yake. Chini ya karatasi, kama jambo dogo, ameandika: siku alipopoteza hela ya sukari. Hilo ndilo la kuchukua, kwa sababu ni la mtoto huyu tu. Likinyooshwa, linasomeka hivi:

"Mwanangu ulikuwa darasa la tatu. Mama yako alikutuma sukari, akakupa noti ya elfu mbili, na mwezi ulikuwa kwenye kona. Ukarudi mikono mitupu. Sikukuuliza kitu, hata sikuwa nimekuona. Ukaja mwenyewe mpaka nilipokaa ukasema, 'Baba, nimepoteza hela.' Tulikunywa chai bila sukari mpaka mshahara ulipotoka, lakini tangu siku ile sijawahi kuwa na wasiwasi na neno lako. Sasa nawaambia wote wawili, na wewe mkwe wangu usikie: kwenye nyumba yenu hela itapotea. Biashara itayumba, mkopo utachelewa. Jambo hilo mwenzako alisikie kwako kabla hajalisikia nje."

Angalia nasaha ilivyokaa. Ni moja, inawahusu wote wawili, na hakuna aliyeambiwa "muwe wavumilivu" au "mpendane", maneno ambayo ukumbi huyapigia makofi bila kuyasikia. Binti amekwishafundwa na mama zake, shangazi zake na somo wake kwenye kicheni pati, kwa hiyo baba hana sababu ya kurudia jinsi ya kumtunza mume. Akigeuza nasaha zote kwa binti na kumwacha kijana akitabasamu tu, wakwe wataelewa kwamba mzigo wa nyumba umewekwa upande mmoja.

Kuna neno moja ambalo mimi ningelitoa kabisa kwenye hotuba ya baba, nalo ni kumwambia binti avumilie kila kitu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenza mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo. Baba hana haja ya kusoma kifungu mbele ya wageni. Inatosha asiseme lolote ambalo binti, siku ya shida, atalikumbuka kama katazo la kurudi nyumbani kuomba msaada.

Na hapa ndipo utani unapofanya kazi yake. Baba mkwe na mkwe wake huheshimiana. Katika makabila mengi hawataniani hata kidogo, na baba anayemdhihaki kijana kwa umbo lake au kazi yake huwaudhi ndugu zake waliokaa meza ya mbele. Lakini Wapare na Wachaga ni watani, na utani wa makabila humpa mzee mlango wa kupitia. Wachaga husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Baba wetu anaweza kuuchukua utani huo na kuuelekeza kwake mwenyewe:

"Mkwe wangu, watani zangu wamekwambia sisi Wapare tunauza ng'ombe kwa ajili ya kesi ya kuku. Ni kweli. Sasa fikiria mwenyewe kesi ya binti yangu nitauza nini."

Meza ya wakwe itacheka kwanza, kwa kuwa utani ni wao. Kisha ujumbe utafika bila mtu kutishwa: binti huyu ana watu nyuma yake. Utani wa mahari, kwa mfano kumkumbusha kijana ng'ombe waliobaki, hauna bahati hiyo. Hata ukisemwa kwa tabasamu, masikioni mwa wakwe ni deni lililotangazwa hadharani, na masikioni mwa binti ni bei yake. Kumbukumbu za kitandani kilicholowa, za ugonjwa au za wachumba wa zamani ziachwe pia. Njia ya uhakika ni kumsomea mama yake hotuba nzima siku kadhaa kabla, kwa sauti, saa ikiwa mezani. Ikizidi dakika tano, kinachokatwa ni salamu, si ile hela ya sukari. Mama akinyamaza kidogo mahali fulani, sentensi hiyo iondolewe bila mabishano.

Wapo akina baba ambao hawakuwepo nyumbani: madereva wa malori, mabaharia, watu wa migodini. Hawa wasiazime kumbukumbu na kuisimulia kana kwamba waliiona, maana binti anajua. Ni bora kusema "mama yako aliniandikia kwamba..." na kumshukuru mama huyo hapo hapo kwa jina. Au achukue jambo la ukubwani, kama siku binti alipompeleka hospitali na kukaa naye foleni.

Na pale baba alipofariki, anayesimama mara nyingi ni baba mdogo au baba mkubwa. Amtaje marehemu mapema, mara moja, kwa jina lake kamili, ukumbi ukae kimya kidogo, kisha aendelee na kumbukumbu yake mwenyewe na mtoto yule. Akimtaja mwishoni, binti atalia wakati anatakiwa kuinuka kwenda kumtafuta mchumba wake katikati ya wageni na kumtambulisha kwa ukoo, na mpambe atalazimika kumpaka poda upya huku muziki ukisubiri.