Kikao kabla ya kikao

Jumuiya ya watumia maji imepata miadi: Alhamisi saa 4 asubuhi, kwa Mkuu wa Wilaya, dakika 20. Pampu imekufa miezi mitatu. Katibu anaandika kwa wajumbe wanne:

"Ndugu wajumbe, mnaombwa kufika ofisi ya kijiji Jumanne saa 10 jioni, kwa dakika 45, tukubaliane nani atasema nini. Mhazini aje na daftari la makusanyo. Mwenyekiti atatoa salamu na ombi. Mama mjumbe ataeleza hali ilivyo kisimani. Mimi nitaandika majibu."

Barua hiyo inatosha, kwa sababu kila mtu anajua kazi yake na cha kubeba. Kikao kisiwe Alhamisi asubuhi nje ya mlango wa ofisi. Jumanne huacha siku nzima ya kutafuta karatasi inayokosekana.

Hoja ziwe tatu tu: tatizo, tulichokwisha kufanya, tunachoomba. Ya pili ndiyo husahaulika. Mkuu wa Wilaya karibu lazima aulize, "RUWASA mmewaandikia?" Nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo jibu.

Jumanne hiyo mtu mmoja aigize Mkuu wa Wilaya na kuuliza maswali magumu. Mwenyekiti akitaja salio la laki nane na mhazini laki sita, ni afadhali ligundulike hapo kijijini. Mbele ya kiongozi, tofauti hiyo hugeuza kikao cha pampu kuwa kikao cha fedha.

Msitoke bila jina la afisa atakayefuatilia na tarehe.