Bonasi ya Mwaka Huandikwa Lini?

Mwenye duka la jumla la simenti akiwa na mkataba na kiwanda, bei iliyo kwenye ankara mara nyingi si bei ya mwisho. Tuseme ankara inasoma shilingi 15,000 kwa mfuko. Mkataba nao unasema: fikisha mifuko 20,000 kati ya Januari na Desemba, urudishiwe asilimia 3 ya manunuzi yote, kuanzia mfuko wa kwanza. Hiyo ni shilingi 450 kwa mfuko, na kiwanda kitailipa baada ya mwaka kufungwa, kwa krediti noti.

Mhasibu hangoji krediti noti. Kama lengo linaelekea kufikiwa, mfuko uliouzwa Machi uligharimu 14,550, na faida ya Machi ionyeshe hivyo. Kwa hiyo masharti ya mkataba yanaingizwa kwenye mfumo wa hesabu wa kampuni, yaani ERP. Kila mzigo ukipokelewa, mfumo unaandika shilingi 450 kwa mfuko kama deni linalodaiwa kiwanda, na unapunguza gharama ya mzigo kwa kiasi hicho hicho. Mifuko ambayo bado iko stoo haileti faida yoyote; inashusha thamani ya stoku tu hadi iuzwe.

Tatizo ni kwamba mfumo unahesabu kilichonunuliwa, haujui kitakachonunuliwa. Duka letu lilichukua mifuko 1,800 kila mwezi hadi Juni, kisha biashara ikapoa, ikawa 1,200. Mwisho wa Septemba limefikisha 14,400, na vitabu vinaonyesha kiwanda kinadaiwa shilingi 6,480,000. Lakini kwa mwendo huo mwaka utaisha kwa mifuko 18,000, na mkataba hautoi hata senti chini ya 20,000. Deni lote linapaswa kufutwa. Ikiwa mifuko 600 iko stoo, 270,000 zinarudi kwenye thamani ya stoku na 6,210,000 zinakatwa kwenye faida.

Mwenye duka atashawishika kununua mifuko 2,000 ya ziada mwezi Desemba ili aokoe bonasi ya milioni 9. Inaweza kulipa, mradi ana wateja: simenti ikikaa stoo miezi kadhaa huvuta unyevu na kuanza kuganda.

Wakubwa nao wameteleza hapa. Septemba 2014 Tesco ya Uingereza ilitangaza kuwa makadirio ya faida yake ya nusu mwaka yalikuwa yamezidishwa kwa takriban pauni milioni 250, sehemu kubwa ikitokana na malipo ya wasambazaji yaliyoandikwa kabla ya wakati wake. Mwaka 2017 ilikubali kulipa faini ya pauni milioni 129.

Basi kila robo mwaka, kabla ya kufunga vitabu, muulize mhasibu wako swali moja: kwa mwendo wa miezi mitatu iliyopita, lengo litafikiwa? Akijibu hapana, deni hilo lifutwe siku hiyo hiyo, lisisubiri Desemba.